“Amelip” ni amelipa ao amelipwa? Kusoma mesaji zilizokatika mikia

Niko na kabine Kadutu, Bukavu. Nauza inite, natuma na kutoa pesa kwa telefone, najaza betri za watu siku umeme ukikatika. Kazi nyingine ambayo sikuitafuta ni kusoma mesaji. Mtu anafika, ananyoosha telefone, anasema, “Mukubwa, hebu niangalilie, hii imeandikwa nini?” Zamani shida ilikuwa herufi ndogo na macho ya wazee. Siku hizi shida ni mesaji ambazo mwandishi hakuziandika kwa vidole: amesema mbele ya telefone, telefone ikaandika yenyewe, na mikia ya maneno ikabaki njiani.

Nitaanza na mesaji moja, kwa sababu ndani yake mna karibu kila ugonjwa ninaoujua. Ililetwa na mama mmoja anayeuza maharagi. Mdogo wake yuko Goma, ndiye anayenunua na kupitisha mzigo ziwani. Mama ana telefone ya vitufe, haipokei mesaji za sauti wala picha, kwa hiyo mdogo wake anamtumia esemesi. Na kwa kuwa mikono yake inashinda kwenye magunia, anaisema esemesi hiyo badala ya kuiandika. Ilifika hivi, bila nukta hata moja:

“yaya jana wamepak magunia kumi na mbili mama wa depo amelip dola arobaini usitum motari mpaka nikuambi pale bandarini wanafung saa kumi jamaa wa boti atulip kwanza”

Yule mama alikuwa ameshika dola 40 mkononi. Alitaka nimtumie mama wa depo pale pale. Kwa alivyosoma yeye, mama wa depo amelipa, maana yake ametoa pesa yake kwa ajili ya mzigo, basi arudishiwe. Nikamwambia asubiri kwanza, tusome pamoja.

Neno limekatika, ao limebadilishwa?

Kabla ya kutafuta mkia, angalia ni ugonjwa wa aina gani. Kuna programu zinazoandika karibu herufi kwa herufi kama zinavyosikia; hizo ndizo zinazoacha “amelip” na “wamepak”. Nyingine zimefundishwa kutoa maneno kamili tu: zikisikia mkia hafifu zinachagua neno zima linalofanana na ambalo zimeshaliona mara nyingi. Mtu akisema “amelipwa” kwa sauti ya chini, zitaandika “amelipa”, safi kabisa, bila kovu.

Mimi naogopa hizo safi. Neno lililokatika linakuambia lenyewe kwamba limekatika. Neno lililobadilishwa linapita mbele ya macho kama raia mwenye karatasi zote. Dalili yake pekee ni maana inayogoma: mtu anayedai anaonekana amelipa, au mzigo ambao jana ulikuwa njiani leo umerudi depo. Ukiona katika mesaji za mtu mmoja maneno yote ni mazima lakini habari haikai sawa, shuku kila mwisho wa kitendo kama vile ungeshuku neno lililokatika.

Mesaji yetu ilikuwa ya aina ya kwanza. Vitendo sita, vyote sita bila mkia: wamepak, amelip, usitum, nikuambi, wanafung, atulip. Ilionekana ovyo, lakini ilikuwa ya kweli.

Kichwa kinaporudisha mkia

Kitendo cha Kiswahili kina kichwa na mkia, na mara nyingi viwili hivyo vimefungwa kamba moja. Ukijua kichwa, mkia hauna pa kujificha.

“Usitum” huanza na usi-. Baada ya usi- kitendo chetu huisha kwa e: usitume. Hakuna njia nyingine, kwa hiyo hapo hakuna cha kuuliza. Ukitaka kujua kwa nini mkia huo uliangukia hapo, sema mwenyewe “usitume motari” haraka. E imebanwa kati ya m mbili, midomo haipati nafasi ya kufunguka.

“Nikuambi” huanza na ni-, kisha ku- ya kukutaja wewe, kisha kitendo chenyewe. Hakuna -na-, hakuna -li-, hakuna -ta- wala -me-. Alama ya wakati ikikosekana, kwa kawaida mkia ni e: nikuambie. Ndivyo pia “tulet” inavyokuwa tulete na “wapak” inavyokuwa wapake ao wapakie. Na alama ya wakati ikiwepo, kama katika “tutafik” ao “hazijafik”, mkia ni a: tutafika, hazijafika.

Kwa kukataa, “hatulip” ni hatulipi, “hawalet” ni hawaleti. Lakini ha- ikifuatwa na -ja-, -ku- ya wakati uliopita, ao -ta-, mkia unarudi kuwa a. Hapo pana mtego mmoja ambao umenipata mara mbili: “hatukulip”. Hiyo -ku- inaweza kuwa ya wakati uliopita, basi ni hatukulipa, hatukutoa pesa. Inaweza pia kuwa wewe, basi ni hatukulipi, hatuna mpango wa kukupa pesa. Moja ni habari ya jana, nyingine ni ugomvi.

Vitendo vilivyotoka Uarabuni, kama kurudi, kujibu, kusamehe, kukubali, vina mkia wao na haviubadilishi kwa sababu ya kichwa. “Usijib” ni usijibu tu. Hivyo usivishughulikie sana.

Na mikia ya mahali, ile -ni ya nyumbani na sokoni? Kwetu ndiyo inayonisumbua kidogo kuliko yote. Watu wa hapa husema “ku nyumba”, “mu soko”, “ku bandari”. Mahali panatajwa mbele. Hata -ni ikianguka, ku na mu zimeshafanya kazi. Nimetaja hili kwa sababu nitalirudia: lugha yetu ya mtaani, ambayo mwalimu alitugombeza nayo, huweka mambo mengi kichwani, na kichwa ndicho telefone inachosikia vizuri.

Sasa kati ya vitendo sita, viwili vimepona bila kumwuliza mtu. Vinne vilivyobaki kichwa chake kimenyamaza.

“Amelip”: nani ametoa, nani amepokea

Ame- inakuambia kwamba ni mtu mmoja na jambo limeisha. Haisemi pesa ilitoka mfuko gani. Amelipa: mama wa depo alitoa. Amelipwa: mama wa depo alipokea. Amelipia: alitoa kwa ajili ya kitu fulani. Herufi moja, w, inabeba dola 40 zote kutoka mkono huu kwenda ule.

Sababu iko kwenye sauti yenyewe. Kiswahili huweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika a-me-LI-pa nguvu inaishia kwenye li, na pa inafuata kama mtu aliyechoka. Ikiwa konsonanti ya mwisho ni p, t, k, s, f ao sh, yaani zile ambazo koo halitetemeki, vokali inayofuata huweza kugeuka mnong’ono mtupu, hasa mwisho wa sentensi. Sikio la mtu hulijaza pengo kwa sababu linajua habari. Maikrofoni haijui kitu.

Kuna alama ndogo ninayoitumia, ingawa siilipii pesa. W hukunja midomo, na mviringo huo wa midomo wakati mwingine huacha kivuli hata kama w haikuandikwa. Nimeshaona “amelipu” na “amelipo”. Siku moja mzee mmoja alisoma kwamba mpangaji wake “amelipua dola themanini”, akakaa kwanza kwenye benchi. Ukiona u ao o mahali hapo, uwezekano wa amelipwa unapanda. Ukiona i, kama “amelipi”, fikiria amelipia. Ukiona p peke yake, hujui kitu. Mama wa maharagi alikuwa na p peke yake.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mtaani hatusemi sana “amelipwa”. Tunasema “wamemulipa”, wao wamemlipa yeye. Hapo wa- iko mbele na -mu- iko katikati, mkia ukianguka hakuna kinachopotea. Lakini watu wengi wakisema na telefone wanajinyoosha, wanaleta Kiswahili cha shule kama wanaongea mbele ya perefe, na -wa ya shule ndiyo inayokatika.

“Wamepak” na “wanafung”: maana inayogeuka kinyume

Hii ndiyo familia ninayoiogopa zaidi. Kufunga na kufungua, kupakia na kupakua, kukunja na kukunjua, kuziba na kuzibua. Mzizi ni uleule, mkia ndio unaotenda ao unaotendua. Mkia ukianguka unabaki na mzizi unaoweza kumaanisha jambo na kinyume chake, na vichwa vyote viwili vinafanana kabisa.

“Jana wamepak magunia kumi na mbili.” Ikiwa wamepakia, magunia yako kwenye boti na yanakuja Bukavu. Ikiwa wamepakua, lori limeyashusha depo Goma, na safari ya ziwani haijaanza. Habari zote mbili zinaingia vizuri ndani ya mesaji ile, na zote mbili zinakubaliana na “usitume motari mpaka nikuambie”.

“Pale bandarini wanafung saa kumi.” Wanafunga saa kumi jioni, basi mzigo uondolewe kabla. Wanafungua saa kumi alfajiri, basi mtu alale karibu. Mtu atasema: bandari gani inafunguliwa saa kumi ya usiku? Mimi sitaki kubishana kuhusu bandari. Nataka uone kwamba saa haikutusaidia kuchagua. Kama ingekuwa “wanafung saa mbili asubuhi”, neno asubuhi lingetosha kuonyesha wanafungua. Kwa hiyo katika familia hii tafuta kwanza neno la jirani: saa, siku, “ndani ya”, “kutoka”, “kwenye”. “Wamepak kutoka lori” hakuna shaka ni wamepakua. “Wamepak kwenye boti” ni wamepakia. Jirani akikosekana, acha kukisia.

Mkia wa -ka, ambao ni wetu

Hapa Kivu, na Lubumbashi pia, tunaongeza -ka kwa jambo la desturi. Anakuja ni sasa, yuko njiani. Anakujaka ni kawaida yake kuja. Wanafunga saa kumi inaweza kuwa ya leo. Wanafungaka saa kumi ni ya kila siku.

Mkia huu hauanguki kwa bahati mbaya tu. Unaweza kusemwa vizuri, kwa sauti ya kutosha, na bado usiandikwe. Programu nyingi zimefundishwa kwa sauti na maandishi ya Kiswahili cha Kenya na Tanzania, ambako hakuna “anakujaka”. Zikiisikia zinaona neno lisilojulikana, zinachagua la karibu: “anakuja”. Hata wanaoorodhesha lugha za dunia wanaweka Kiswahili chetu cha Kongo chini ya alama yake, swc, na cha pwani chini ya swh. Lakini katika orodha ya kuandika kwa sauti ya klaviye ya Gugo, Kiswahili unachokuta ni cha Kenya na cha Tanzania. Kiliingizwa humo mwaka 2017. Chetu kinapita kwa mlango wa jirani.

Ni rahisi kuutambua ugonjwa huu. Pitia mesaji kumi za mtu yuleyule. Kama mikia mingine inaanguka mara moja moja lakini -ka haionekani hata mara moja, na mtu huyo unamjua, anasemaka hivyo kila siku, basi telefone yake haiijui -ka. Kuanzia hapo, kila “anakuja”, “tunatoa”, “wanauza” yake isome kwa njia mbili. Kijana mmoja alisimama mvua nzima pale Nyawera akimsubiri mjomba aliyeandikiwa kwamba “nakuja saa tisa”. Mjomba alikuwa anaeleza saa ambayo kwa kawaida hushuka kutoka kazini.

“Atulip”: kichwa nacho kimekatika

Kuna wakati shida iko pande zote mbili. Wengi wetu hatuitamki h kwa nguvu: tunasema “apana”, “atuna”, “awajafika”. Telefone nayo inaandika bila h. Kwa hiyo “atulip” inaweza kuwa atulipe, yeye atulipe sisi, ao hatulipi, sisi hatutoi pesa. Mkia ungekuwepo ungeamua mara moja: “atulipi” hata bila h ni kukataa, kwa sababu ya ile i, “atulipe” ni kutaka. Bila h na bila mkia, deni limegeuka upande na huwezi kujua ni upande gani.

Ukikuta neno linaloanza na atu-, awa- ao ai- na mkia haupo, usilisome kwa haraka. Liweke kwenye orodha ya maswali.

Jinsi ya kuuliza ili jibu lisikatike tena

Kosa ambalo watu wengi hufanya ni kurudisha swali lenye mkia uleule. “Amelipa ao amelipwa?” Yule wa upande wa pili anajibu kwa sauti, telefone yake inaandika “amelip”, na mmerudi mlipoanza, sasa mkiwa mmepoteza inite.

Uliza swali ambalo jibu lake linatofautiana kichwani ao ni neno jingine kabisa. Kwa ile mesaji niliandika maswali manne, nikayatuma kutoka kwenye telefone ya mama:

Magunia sasa yako wapi, depo ao boti?
Dola 40 zilitoka kwa nani?
Mwisho wa kuchukua mzigo bandarini ni saa ngapi?
Jamaa wa boti: sisi tunamudai, ao yeye anatudai?

Hakuna jibu hapo linalotegemea silabi ya mwisho. Lilirudi baada ya muda: “boti mimi saa kumi jion sisi tunamudai”. Angalia, jioni imepoteza i na haikumuumiza mtu.

Kwa hiyo ilikuwa: jana wamepakia magunia kumi na mbili, mama wa depo amelipwa dola 40, na aliyetoa ni mdogo mtu, usitume motari mpaka nikuambie, bandarini wanafunga saa kumi jioni, jamaa wa boti atulipe kwanza, kwa sababu ya gunia lililoloana safari ya nyuma. Mama alikunja dola zake tena kwenye kitambaa.

Desturi yangu tangu siku hiyo: kitendo cha pesa, cha kufunga na kufungua, ao cha kupakia na kupakua, kikiwa hakina mkia, situmi pesa mpaka jibu la pili lije. Mikia ya usi- na ya “nikuambie” naijaza mwenyewe bila kumsumbua mtu.

Upande wa msemaji: mkia unaangukia wapi?

Yule mdogo alipopita Bukavu wiki iliyofuata alikuja na telefone yake. Watu husema moja kwa moja “maikrofoni imekufa”. Kuna jaribio la dakika mbili. Fungua kinasa sauti cha telefone, si klaviye, ukiwa mahali unaposimamaka kila siku. Sema kwa mwendo wako wa kawaida: “Nimelipa. Nimelipwa. Wamepakia. Wamepakua. Anakuja. Anakujaka.” Kisha sikiliza.

Kama wewe mwenyewe, kwa sikio lako, huwezi kutofautisha nimelipa na nimelipwa ndani ya sauti iliyonaswa, basi mkia umekufa kabla haujafika kwa programu. Tafuta hapo hapo: kasha la telefone linalofunika tundu la chini, vumbi ndani ya tundu, upepo wa ziwa, jenereta. Telefone nyingi zina maikrofoni ya pili juu ao nyuma kwa ajili ya kupunguza kelele, na mtu akiifunika kwa kidole, ile kazi ya kupunguza kelele inavurugika na sauti ndogo, kama mnong’ono wa mwisho wa neno, ndiyo inayofutwa pamoja na kelele.

Kama sikio linasikia tofauti vizuri lakini maandishi hayana, maikrofoni haina kosa. Hapo angalia lugha. Nenda kwenye mipangilio ya klaviye, mahali ambapo telefone ya Kifaransa huandika Saisie vocale, uone lugha ya sauti ni ipi. Wengi wetu telefone iko kwa Kifaransa na hatujawahi kuigusa. Ikiwa sauti imewekwa Kifaransa, utaijua haraka: maneno hayakatiki mikia tu, yanageuka vipande vya Kifaransa visivyo na kichwa wala miguu. Hiyo usijaribu kuitafsiri, omba itumwe upya. Kama tayari ni Kiswahili, jaribu cha Tanzania kisha cha Kenya kwa sentensi zile zile sita, ubaki na kile kinachokosea kidogo. Hakuna atakayekuambia mapema kipi kinakufaa. Inategemea ulivyojifunza kusema.

Yule mdogo, sauti yake iliyonaswa kwenye kabine ilikuwa nzuri. Iliyonaswa bandarini, ambayo alikuwa nayo tangu Goma, ilikuwa na upepo mtupu mwishoni mwa kila neno. Kwa hiyo dawa yake ya kwanza ilikuwa kugeuza mgongo upande wa ziwa na kuweka telefone karibu, kama kiganja kimoja kutoka mdomoni.

Ugonjwa mwingine uliomsumbua: neno la mwisho kabisa la mesaji kupotea nusu. Hilo mara nyingi lina sababu mbili. Ama kidole kinaachia kitufe kabla neno halijaisha, ama programu inasikia kimya kidogo na kudhani umemaliza. Nilimwambia awe anamaliza na neno lisilo na kazi, “asante”. Likatwe hilo.

Alikuwa pia na tabia ya kusema neno moja moja kama anamfundisha mtoto, akidhani anasaidia. Kinyume chake. Kila anaposimama, silabi ya mwisho kabla ya kimya ndiyo inayozimika zaidi, na programu inaweza kuchukua kila kipande kama sentensi mpya. Afadhali kusema sentensi nzima kwa mwendo wa kawaida. Na panapokuwa na kitendo muhimu, asikifuatishe na neno linaloanza na vokali: katika “nitume asubuhi” e na a huyeyuka pamoja, katika “nitume kesho asubuhi” k inasimama katikati kama ukuta.

Lakini lililomsaidia zaidi ni kubadilisha maneno. Badala ya “amelipwa”, aseme “nimemupa pesa”. Badala ya kupakia na kupakua, “kupandisha” na “kushusha”, vitendo vinavyotofautiana tangu mzizi. Badala ya “wanafunga saa kumi”, “mwisho ni saa kumi jioni”. Badala ya kutegemea -ka, aseme “kila siku” mbele. Alicheka, akasema hivyo ndivyo anavyosemaka na wabeba mizigo tangu zamani. Kwenye telefone alikuwa anajaribu kuwa na adabu.

Jumatano mama alikuja tena na telefone yake ya vitufe, safari hii bila kitambaa. Mesaji ilikuwa hivi: “yaya tumepandish magunia tisa ndani ya boti mama wa depo nimemup dola thelathini mwisho wa kuchukua ni saa kumi jioni tuma motari asant”. Mikia mitatu imeanguka. Aliisoma mwenyewe, akiwa amesimama, kisha akauliza inite ya faranga elfu moja.